Jaribio la Uchumi: Bei Ikibadilika, Mapato Yanapanda au Yanashuka?

Kidato cha Tano. Dakika 25, alama 20. Jibu maswali yote. Onyesha hesabu, jibu tupu la "yanapanda" halina alama, kwani nataka kuona ulivyofikiri.

Kumbuka: mapato ya jumla ni bei mara kiasi kilichouzwa. Si faida.

1. Mama anauza chapati karibu na kituo cha daladala, na jirani zake wawili wanauza chapati hizohizo. Kwa shilingi 500 anauza 120 kwa siku. Unga umepanda, naye anapandisha bei hadi 600. Sasa anauza 80.
(a) Mapato yamepanda au yameshuka, na kwa kiasi gani? (alama 3)
(b) Tafuta unyumbufu wa mahitaji kwa njia ya wastani, yaani gawanya kila badiliko kwa wastani wa namba ya awali na ya mwisho. (alama 4)
(c) Jirani zake wana mchango gani katika jibu lako la (b)? (alama 3)

2. Duka linapandisha pakiti ya chumvi kutoka 500 hadi 600. Mauzo yanatoka pakiti 200 hadi 190. Mapato je? Kwa nini wateja hawakukimbia? (alama 4)

3. Mavuno ni mazuri, ndoo ya nyanya inashuka kutoka 10,000 hadi 6,000. Mkulima aliyekuwa akiuza ndoo 50 sasa anauza 60. Mwenzake anasema, "Umeuza zaidi, umepata zaidi." Mjibu kwa hesabu. (alama 4)

4. Unyumbufu ukiwa 1 kamili, bei ikipanda kidogo sana, mapato yanakuwaje? (alama 2)