Pini, Mlinzi wa Siri

Mwaka 1849 Mmarekani Walter Hunt alipata hataza ya pini ya kujifunga, akaiuza haki yake kwa dola 400 ili aweze kulipa deni la dola 15. Zipu ya gauni la dada yangu ilipofumuka siku ya harusi yake, shangazi alituokoa kwa pini moja tu. Shairi hili nimeitungia pini hiyo.

Nyamazeni wenye ngoma, na wenye zumari pia,
Wenye vyeo kusimama, ni wajibu nawambia,
Mtukufu wa heshima, ukumbini kaingia,
Pini mlinzi wa siri, pokea zangu salamu.

Waya mmoja mwembamba, duara umepindika,
Kichwani una kilemba, ncha yako hujifunika,
Mkia pete wapamba, ukiachwa wafumuka,
Pini mlinzi wa siri, pokea zangu salamu.

Aliyekukunja chuma, deni lilimwelemea,
Akakuuza mapema, lulu ikampotea,
Dunia yote kwa hima, ikaja kukupokea,
Pini mlinzi wa siri, pokea zangu salamu.

Zipu mwenye majigambo, siku ile kasaliti,
Meno yakaenda kombo, mbele yetu ni umati,
Uzi nao ni urembo, hauna la madhubuti,
Pini mlinzi wa siri, pokea zangu salamu.

Ndipo wewe jemadari, pindoni ulipotoka,
Kwa shangazi mashuhuri, mwenye pini za miaka,
Ukazima ile shari, vitambaa kavishika,
Pini mlinzi wa siri, pokea zangu salamu.

Hukupiga tarumbeta, wala mwanga kung'arisha,
Chini ya shela kukita, usiku kucha wakesha,
Na picha walizopata, sura hukuionesha,
Pini mlinzi wa siri, pokea zangu salamu.

Kwenye pango la kiuno, waongoza lastiki,
Gizani huna mkono, macho nayo huyataki,
Watoka mwisho wa shono, njiani hubabaiki,
Pini mlinzi wa siri, pokea zangu salamu.

Mkimbiaji mbioni, namba waibeba wewe,
Mwiba ulipo nyayoni, waitwa uuondowe,
Kanda ya begi njiani, waidaka kama mwewe,
Pini mlinzi wa siri, pokea zangu salamu.

Mara moja umechoma, kidole changu cha gumba,
Sikulia sikusema, tone dogo likatamba,
Nilikuwacha si vyema, u wazi pasi kilemba,
Pini mlinzi wa siri, pokea zangu salamu.

Shangazi anauliza, pini yake kuitaka,
Pambani nimeilaza, vito vimeizunguka,
Kwa nyingine nampoza, hii haitaondoka,
Pini mlinzi wa siri, pokea zangu salamu.