Maelezo ya kuporwa simu, Sinza

Afande, jana Jumanne kama saa moja na nusu usiku nilikuwa pembeni ya barabara ya Shekilango nasubiri bajaji, simu mkononi, mara ikaja bodaboda Boxer nyekundu haina taa, wako wawili, yule wa nyuma akaikwapua, nikamdaka kola ikachanika, akanipiga kiwiko wakakimbilia Bamaga. Dereva alivaa helmeti, sura sikuiona. Mporaji ni mwembamba, mweusi, miaka kama 22, rasta fupi, kovu juu ya nyusi ya kushoto, jezi ya njano. Pleti waliikunja makusudi, nilisoma MC tu. Simu ni Samsung A15 ya bluu, kioo kina ufa, boksi lenye IMEI hili hapa. Laini nishaifungisha. Muuza chipsi wa pale aliona yote, kasema mkimwita anakuja.