Yah: Ombi la kusahihisha mwaka wa ritani ya kodi ya mapato, kutoka 2023 kwenda 2024

Rehema S. Mkude
Duka la vifaa vya ujenzi
Kihonda, Manispaa ya Morogoro
TIN: 199-000-123

14 Agosti 2025

Meneja wa Mkoa,
Mamlaka ya Mapato Tanzania,
Mkoa wa Morogoro.

Ndugu Meneja,

Husika na somo tajwa hapo juu.

Mimi ni mfanyabiashara binafsi wa vifaa vya ujenzi, na nimesajiliwa pia kwa kodi ya ongezeko la thamani. Tarehe 26 Juni 2025 ritani yangu ya mwaka wa mapato 2024 iliwasilishwa kupitia mfumo wa mtandaoni, siku nne kabla ya mwisho wa muda. Hesabu zilizojazwa ni za 2024 na taarifa ya fedha iliyopakiwa ni ya 2024, ila kwenye kisanduku cha mwaka pamechaguliwa 2023. Naomba ritani hiyo ihamishiwe mwaka wake, pamoja na malipo yaliyofanyika kwa ajili yake.

Kosa lilitokea kwa njia rahisi tu. Mhasibu wangu alifungua ritani ya mwaka uliotangulia ili kulinganisha tarakimu, kisha akaendelea kujaza bila kubadilisha mwaka. Kwa kuwa ritani ya 2023 ilikuwa imeshawasilishwa tangu 24 Juni 2024, mfumo uliipokea hii ya pili kama marekebisho ya ile ya kwanza. Uthibitisho wa kupokelewa ulitoka na mwaka 2023, lakini sisi tuliangalia tarehe na kiasi cha kodi, tukaona viko sawa, tukaenda kulipa.

Nimelijua jambo hili tarehe 11 Agosti 2025 nilipofika ofisini kwenu kufuatilia hati ya uthibitisho wa kulipa kodi kwa ajili ya kuhuisha leseni ya biashara. Akaunti yangu ilionyesha kwamba sijawasilisha ritani ya 2024 na kwamba nadaiwa shilingi 374,000 za mwaka 2023, mbali na riba. Afisa aliyenihudumia kaunta alinielekeza niandike barua na kuambatanisha vielelezo, nami namshukuru kwa kunieleza kwa utulivu.

Deni hilo la 374,000 ndilo linaloonyesha jinsi hesabu za miaka miwili zilivyochanganyika, kwa hiyo naomba nilieleze kwa kirefu kidogo. Faida yangu ya 2024 ni shilingi 22,440,000. Kwa viwango vya kodi vya mtu binafsi, kodi ya mwaka ni 1,536,000 kwa milioni 12 za mwanzo, na asilimia 30 ya 10,440,000 zinazobaki, yaani 3,132,000. Jumla ni 4,668,000. Katika mwaka 2024 nililipa awamu nne za 950,000 kila moja, sawa na 3,800,000. Zilibaki 868,000, nikazilipa benki tarehe 27 Juni 2025 kwa kontroo namba iliyotokana na ritani hii.

Sasa mwaka 2023. Faida halisi ilikuwa 18,300,000 na kodi yake 3,426,000, ambayo niliimaliza yote mwaka jana. Ritani ya makosa ilipokaa juu ya ile halali, kodi ya 2023 ilipanda hadi 4,668,000. Malipo ya 2023 nayo yakasomeka 4,294,000, yaani zile 3,426,000 za zamani na 868,000 zilizoingia mwaka usio wake. Ukitoa, unapata 374,000. Wakati huohuo awamu zangu nne za 2024 zimekaa peke yake kwenye mwaka ambao hauna ritani. Nikirudishiwa kila kitu mahali pake, 2023 inasomeka sifuri na 2024 inasomeka sifuri.

Najua Mamlaka haiwezi kuhamisha ritani kwa maneno ya mlipakodi peke yake, na isingekuwa sawa kufanya hivyo. Kuna mambo yaliyomo ndani ya ritani yenyewe ambayo afisa anaweza kuyakagua bila kutegemea maelezo yangu.

La kwanza ni stoku. Ritani halali ya 2023 inafunga mwaka na bidhaa za shilingi 38,640,000. Ritani inayolalamikiwa inafungua mwaka na bidhaa za shilingi 38,640,000, na kufunga na 44,180,000. Kama kweli ingekuwa marekebisho ya 2023, stoku ya kufungia mwaka huo isingekuwa ndiyo stoku ya kufungulia mwaka huohuo. Kuhesabu stoku yangu kunachukua siku nzima, maana misumari tunaipima kwa kilo na nondo tunazihesabu mojamoja kwa unene wake, na karatasi za hesabu ya tarehe 31 Desemba 2023 zenye sahihi yangu na ya mtunza stoo ninazo. Nimeambatanisha nakala.

La pili ni gari. Ndani ya matumizi ya 36,240,000 kuna uchakavu wa 5,250,000, ambao ni asilimia 37.5 ya shilingi 14,000,000 nilizonunulia Kirikuu ya kusambazia mizigo. Gari hilo nililinunua Mei 2024, na kadi yake inaonyesha tarehe ya kusajiliwa kwa jina langu. Mwaka 2023 nilikuwa nakodi bajaji za mizigo, na gharama hizo zinaonekana kwenye hesabu za mwaka huo. Uchakavu wa gari ambalo sikuwa nalo hauwezi kuwa wa 2023.

Mauzo nayo yanasema hivyohivyo. Ritani ina mauzo ya 312,450,000 bila VAT. Ukijumlisha ritani zangu 12 za VAT kuanzia Januari hadi Desemba 2024 unapata kiasi hicho hicho, na ripoti za mashine ya EFD zinakubaliana nazo mwezi kwa mwezi. Mauzo ya 2023 yalikuwa 268,900,000, kama ritani za VAT za mwaka huo zinavyoonyesha. Na taarifa ya fedha iliyopakiwa pamoja na ritani, iliyoandaliwa na mhasibu mwenye cheti cha CPA, imeandikwa kwenye jalada lake kwamba ni ya mwaka ulioishia 31 Desemba 2024. Maana yake ni kwamba tangu 26 Juni Mamlaka inazo hesabu zangu za 2024, ila zimewekwa kwenye jalada la 2023.

Kwa hiyo naomba ritani iliyopokelewa tarehe 26 Juni 2025 iondolewe kama marekebisho ya 2023 na itambuliwe kuwa ritani ya mwaka wa mapato 2024, kwa tarehe ileile iliyopokelewa. Naomba ritani ya 24 Juni 2024 irudi kuwa ndiyo ritani halali ya 2023, na tathmini iliyotokana na marekebisho hayo ifutwe. Naomba pia zile 868,000 zihamishwe kutoka 2023 kwenda 2024. Kuhamisha ritani bila malipo kutanitolea deni upande mmoja na ziada upande mwingine, nami nitalazimika kuwasumbua tena.

Kuhusu adhabu ya kuchelewa kuwasilisha, ambayo huhesabiwa kila mwezi, pamoja na riba iliyoanza kuonekana kwenye 2023, naomba zifutwe kwa sababu msingi wake haupo. Siombi kupunguziwa kodi wala kupewa muda. Sheria inataka ritani ifike ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa mapato kwisha. Yangu ilifika tarehe 26 Juni, na fedha zikafika tarehe 27 Juni. Kilichokosewa ni mwaka, na Serikali haikukosa hata shilingi moja kwa kosa hilo.

Sikuwasilisha ritani nyingine ya 2024 baada ya kugundua tatizo, ingawa mtu mmoja hapo dukani alinishauri niingie tu kwenye mfumo niijaze upya nisahau. Ningefanya hivyo hesabu zilezile zingekuwa kwenye miaka miwili tofauti, ritani ya 2024 ingesomeka imechelewa kuanzia Agosti, na deni la 2023 lingebaki palepale. Hata hivyo, kama utaratibu wenu wa ndani unahitaji niijaze upya chini ya mwaka sahihi, niko tayari kufanya hivyo siku nitakayoelekezwa, mradi tarehe ya awali ya kupokelewa izingatiwe.

Jambo moja zaidi, ambalo linanipa wasiwasi kuliko hata leseni. Kwa mwaka 2025 nimeshalipa awamu mbili za 1,200,000 kila moja, ya Machi na ya Juni, na ya tatu inatakiwa ifikapo 30 Septemba. Naomba wakati ombi hili likishughulikiwa malipo hayo yasichukuliwe kufidia deni la 2023. Yakiguswa, mwaka wa tatu nao utaingia kwenye mkanganyiko.

Leseni yangu inaisha 30 Septemba 2025, na Halmashauri haiwezi kuihuisha bila hati ya uthibitisho wa kulipa kodi. Kama marekebisho kwenye mfumo yatahitaji idhini ya ngazi ya juu na kuchukua muda mrefu, naomba ofisi yako itazame kama hati inaweza kutolewa kwa kuzingatia vielelezo hivi, kwa kuwa kodi yote ya miaka yote miwili imelipwa.

Vitabu vya hesabu, risiti za manunuzi na daftari la stoku viko dukani, na afisa anaweza kuja kuvikagua siku yoyote ya kazi. Mimi na mhasibu wangu tunaweza pia kufika ofisini mkituita kwa namba ya simu iliyosajiliwa kwenye akaunti yangu ya mfumo. Ila Jumatano asubuhi huwa napokea saruji, kwa hiyo siku hiyo naomba iwe baada ya saa sita mchana.

Natanguliza shukrani.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Rehema S. Mkude
Mmiliki

Viambatanisho: uthibitisho wa kupokelewa ritani wa 24 Juni 2024 na wa 26 Juni 2025, nakala za ritani zote mbili, taarifa ya fedha ya mwaka ulioishia 31 Desemba 2024, risiti ya benki ya shilingi 868,000 ya 27 Juni 2025, risiti za awamu nne za 2024 na mbili za 2025, karatasi za hesabu ya stoku za 31 Desemba 2023, nakala ya kadi ya gari, muhtasari wa ritani 12 za VAT za 2024 pamoja na ripoti za EFD, taarifa ya akaunti ya mlipakodi iliyochapishwa 11 Agosti 2025, nakala ya leseni ya biashara.