Fotoni Ngapi kwa Sekunde? Swali la Tochi ya Leza

Karatasi hii ni ya kundi letu la Jumamosi hapa Nyalenda, wale wa kidato cha nne. Wiki iliyopita stima ilipotea tukiwa katikati ya somo, nikatoa ile tochi ya leza niliyoinunua Kibuye, mmoja wenu akapiga dasta za ubao pamoja, na mstari mwekundu ukaonekana wazi katikati ya vumbi la chaki. Mkauliza ndani ya mstari ule mna vitu vingapi. Nikasema nitaliandika liwe swali. Ndilo hili.

Swali

Tochi ya leza inatoa mwanga mwekundu wenye urefu wa wimbi wa nanomita 650. Nguvu ya mwanga unaotoka ni miliwati 1. Chukua h = 6.626 × 10⁻³⁴ J s na c = 2.998 × 10⁸ m/s.

(a) Tafuta nishati ya fotoni moja.
(b) Tochi inatoa fotoni ngapi kila sekunde?
(c) Kutoka mezani hadi ukutani ni mita 9. Kwa wakati wowote ule, kuna fotoni ngapi hewani kati ya meza na ukuta?
(d) Tochi nyingine yenye nguvu hiyo hiyo inatoa mwanga wa kijani wa nanomita 532. Ipi inatoa fotoni nyingi zaidi, na kwa nini ile ya kijani huonekana kali kuliko nyekundu?
(e) Betri za tochi nyekundu zinatoa volti 3, na mita yetu ilisoma miliampea 25. Ni sehemu gani ya nishati ya betri inayotoka kama mwanga?

Ufumbuzi

Kabla ya kugusa kikokotoo, fikirini gorogoro. Mama anayeuza mahindi sokoni akikwambia leo ameuza kilo 60, na unajua gorogoro lake hubeba kilo 2, hutamuuliza amepima mara ngapi. Unagawanya. Swali letu ni hilo tu. Nguvu ya tochi inatuambia nishati yote inayomwagika kwa sekunde moja. Rangi ya mwanga inatuambia ukubwa wa gorogoro. Planck ndiye aliyeanza, mwaka 1900, kusema nishati hutoka kwa vipimo na si kama uji unaomiminika, naye Einstein mwaka 1905 akasema mwanga wenyewe husafiri kwa vipimo hivyo. Jina fotoni lilikuja baadaye.

(a) Kipimo kimoja, yaani fotoni moja, kina nishati hii, ambapo h ni namba ya Planck, c ni kasi ya mwanga na λ ni urefu wa wimbi:

E = hc/λ

Hapa ndipo wengi wenu huanguka, na si kwa sababu ya fizikia. Nanomita 650 ni 650 × 10⁻⁹ m, yaani 6.50 × 10⁻⁷ m. Andikeni hivyo kwanza, pembeni, kabla ya kitu kingine chochote.

E = (6.626 × 10⁻³⁴ × 2.998 × 10⁸) / (6.50 × 10⁻⁷)
E = (1.986 × 10⁻²⁵) / (6.50 × 10⁻⁷)
E = 3.06 × 10⁻¹⁹ J

Angalieni vizio pia: J s mara m/s inatoa J m, ukigawanya kwa m inabaki J. Kizio kikikataa kutoka sawa, jibu nalo si sawa, hata likipendeza namna gani.

Kumbukeni λ iko chini. Wimbi refu, fotoni ndogo. Mwanga mwekundu una magorogoro madogo, wa zambarau una makubwa. Watu hupindua jambo hili kila mwaka.

(b) Miliwati 1 ni 1 × 10⁻³ W, na wati ni jouli kwa sekunde. Kwa hiyo katika sekunde moja inatoka nishati ya 1 × 10⁻³ J. Gawanya:

N = P/E = (1 × 10⁻³) / (3.06 × 10⁻¹⁹)
N = 3.27 × 10¹⁵ fotoni kwa sekunde

Hiyo ni trilioni 3,270. Namba ya namna hii huingia sikio moja na kutokea jingine, basi tuipe mwili. Ukiamua kuhesabu peke yako fotoni za sekunde moja tu, moja kwa kila sekunde bila kulala, utamaliza baada ya miaka kama milioni 104. Tuwaite watu wote duniani, tuseme bilioni 8, tugawane kazi: kila mtu atapata fotoni karibu 409,000, naye atahesabu kwa siku 4 na saa 17 na nusu hivi, usiku na mchana. Hayo yote ni ya kubonyeza kitufe kwa sekunde moja.

Lakini nishati yenyewe ni kidogo mno. Washa tochi kwa dakika 10 na jumla ya mwanga uliotoka ni jouli 0.6. Hiyo inatosha kuinua parachichi la gramu 200 kwa sentimita 30, basi. Fotoni ni nyingi kwa kuwa kila moja ni ndogo kupita kiasi. Ndiyo maana mwanga ukutani hauonekani ukidondoka kwa matone. Gorogoro likiwa dogo kuliko punje, mahindi yataonekana kama maji.

(c) Sehemu hii naipenda kuliko zote. Fotoni iliyotoka mezani inafika ukutani baada ya:

t = 9 / (2.998 × 10⁸) = 3.00 × 10⁻⁸ s

Fotoni zilizo njiani ni zile zote zilizotoka katika muda huo:

3.27 × 10¹⁵ × 3.00 × 10⁻⁸ = 9.8 × 10⁷

Yaani kama milioni 98, karibu milioni 11 katika kila mita moja. Ni kama kuuliza kuna matatu ngapi barabarani kati ya Kisumu na Ahero: ukijua ngapi hutoka stendi kwa saa, na safari huchukua muda gani, huna haja ya kwenda kuzihesabu.

Mtu akigawanya mita 9 kwa milioni 98 atapata nafasi ya nanomita 92 kati ya fotoni na fotoni, ambayo ni fupi kuliko wimbi lenyewe la nanomita 650. Sasa asichore shanga zilizopangwa kwenye uzi. Ile 92 ni wastani wa hesabu tu. Huwezi kusema fotoni fulani iko hapa na mwenzake yuko pale ndani ya urefu mmoja wa wimbi, wala hazitoki kwa mpangilio kama askari wa gwaride.

(d) Kwa kijani:

E = (1.986 × 10⁻²⁵) / (5.32 × 10⁻⁷) = 3.73 × 10⁻¹⁹ J
N = (1 × 10⁻³) / (3.73 × 10⁻¹⁹) = 2.68 × 10¹⁵ fotoni kwa sekunde

Nyekundu ndiyo yenye fotoni nyingi. Kijani ina asilimia 82 tu ya hesabu ya nyekundu, na uwiano huo ni 532/650 moja kwa moja. Hamkuhitaji h wala c kuupata.

Hata hivyo, ukiweka nukta mbili ukutani, ile ya kijani itaonekana kali zaidi, na si kidogo. Tochi haina kosa, jicho ndilo linalochagua. Mchana jicho la binadamu huona vizuri zaidi karibu na nanomita 555, ambako ni kijani chenye umanjano kidogo. Nanomita 532 iko jirani kabisa na hapo. 650 iko mbali, pembeni. Kwa nguvu ile ile, kijani huonekana kali karibu mara nane. Kwa hiyo anayekadiria nguvu ya tochi kwa macho anajidanganya.

Na tochi za kijani za bei rahisi zina siri. Nyingi hazitoi kijani moja kwa moja. Ndani mna mwanga usioonekana wa nanomita 1064, na fuwele inayounganisha fotoni mbili za namna hiyo kuwa moja ya 532. Piga hesabu mwenyewe: nusu ya urefu wa wimbi, nishati maradufu, hakuna kilichopotea. Shida ni kwamba mtengenezaji akiacha kuweka kichujio, ule mwanga usioonekana hutoka nje pamoja na wa kijani, na jicho halina habari ya kujifumba. Tochi ya miliwati 1 hutegemea jicho kupepesa ndani ya robo sekunde hivi. Kibandiko cha tochi yangu kinasema "chini ya miliwati 5", maneno ambayo hayasemi kitu, na kibandiko nacho hubandikwa na mtu. Msielekezeane machoni. Wala msielekeze angani: ndege zinazotua hapa Kisumu hushuka chini, na nukta hiyo ikifika kwenye kioo cha rubani huwa imeshatanuka na kumjaza macho mwanga.

(e) Fupi. Betri: 3 × 25 × 10⁻³ = 0.075 W, yaani miliwati 75. Mwanga: miliwati 1. Sehemu ni 1/75, asilimia 1.3. Iliyobaki inakuwa joto, nanyi mlishika tochi mkaona inapata uvuguvugu.

Njia ya mkato, kwa wanaotaka kuhakiki

Weka P kwa miliwati na λ kwa nanomita:

N = 5.03 × 10¹² × P × λ

Kwa tochi yetu, 5.03 × 10¹² × 1 × 650 = 3.27 × 10¹⁵. Usiiandike kwenye mtihani bila kuonyesha ilikotoka. Msahihishaji anatafuta hatua, na alama zimo humo. Itumie chini ya meza, kujiamini.

Ya kufanya nyumbani

Tochi ya zambarau, nanomita 405, miliwati 5. Fotoni ngapi kwa sekunde? Nimepata 1.02 × 10¹⁶. Ukipata 1.02 × 10²⁵, hukugeuza nanomita. Ukipata 1.02 × 10¹⁹, hukugeuza miliwati. Ukipata 2.04 × 10¹⁵, umetumia miliwati 1 ya swali la kwanza. Ukipata kitu kingine kabisa, njoo nacho Jumamosi pamoja na karatasi ya hatua zako, hata kama imefutwafutwa.