Mpangilio wa nyimbo za Jumamosi

Kaka dijei, habari za kazi. Kamati imeshapitisha mpangilio huu, nyimbo zote ziko kwenye flashi nyekundu. Tafadhali uusome na mshereheshaji kabla ya Jumamosi.

Saa 12 jioni wageni wanaanza kuingia. Piga Mlimani Park, Msondo na Les Wanyika, sauti ya chini, watu wasalimiane bila kupigiana kelele.

Saa 1:30 wanaingia wazazi, kisha maharusi na wasimamizi wao. Maharusi wanaletwa na tarumbeta, kwa hiyo wewe zima kabisa mpaka wakae. Usiwashindanishe.

Shampeni muziki wowote wa kuchangamka. Keki ndiyo naomba uishike vizuri: bibi harusi akianza kutembea na kisahani kuelekea kwa mama yetu, weka "Nani Kama Mama" ya Christian Bella na Ommy Dimpoz. Mama amelea watoto wanne peke yake tangu baba afariki. Usiikate katikati hata mshereheshaji akikuashiria. Wote wawili, mama yetu na mama mkwe, walishwe wimbo ukiwa unaendelea.

Ndafu ikiingia, piga nyimbo za Kichaga, ziko faili la pili. Zawadi: upande wa bwana harusi ni watu wa Tanga, wape taarabu, wanapenda kutunza taratibu. Foleni ikiwa ndefu usibadilishe kwa haraka. Wakati wa chakula rudi kwenye zilipendwa.

Saa 4 maharusi wanafungua muziki kwa "Malaika" ya Nyashinski. Narudia, ya Nyashinski. Ile ya zamani aliyorekodi Fadhili William ni tamu na shangazi ataiomba, lakini ni ya kijana anayeshindwa kuoa kwa kukosa mali. Familia ya bwana harusi imehangaika na mahari hii mwaka mzima. Sitaki waisikie siku ile. Vivyo hivyo "Mario" ya Franco. Kwenye harusi ya kaka yangu ilipigwa bwana harusi akiwa anamlisha keki mama mkwe, nao ni wimbo wa kijana anayelelewa na mwanamke mtu mzima. Wazee wanaojua Kilingala walitazamana, na mama mkwe aliambiwa maana yake mezani palepale.

Baada ya hapo uwanja ni wako: "Jerusalema" watu wajipange, kisha bongofleva, kisha bolingo, "Loi" ya Koffi isikosekane. Usiruhusu vijana wakuganda na amapiano saa nzima, wajomba nao wamevaa viatu vya kuchezea.

Saa 5:50 punguza, mshereheshaji awaite watu wote wawazunguke maharusi. Wimbo wa mwisho ni "Sura Yako" ya Sauti Sol. Upige mpaka uishe, hata kama mwenye ukumbi ameshawasha taa.

Dada wa bibi harusi