Tarehe 14 msivae bado

Wakubwa shikamooni, wenzangu na wadogo zangu habari za Jumapili.

Harusi yetu ya Jumamosi tarehe 14 Novemba haitafanyika siku hiyo. Tumeiahirisha. Sendofu ya tarehe 7 nayo imesogea. Tarehe mpya hatujapanga, na hatutaki kutaja ya kubahatisha halafu tuje tuwasumbue mara ya pili. Ikipatikana mtaisikia kwetu wawili au kwa mwenyekiti wa kamati. Ukiisikia kwingine, bado.

Kwa nini? Hilo limebaki ndani. Wazazi wa pande zote wanalijua, wasimamizi wetu wanalijua, na mchungaji, aliyekuwa ameshatutangaza kanisani Jumapili ya kwanza, anajua kwamba tangazo la pili halisomwi leo. Wengine wote tunawapenda vilevile, ila hatulielezi, si hapa wala pembeni. Simu najua zitaanza. "Nilikuwa nakusalimia tu mdogo wangu, umzima?" Mzima, dada. Salamu nitaitikia zote, tena kwa furaha, na tutaishia hapohapo kwenye salamu. Mashangazi zangu wa Machame, nawapigia magoti, msimbane mama. Mkimbana ataanza habari za mahindi na hamtapata kitu.

Mwenzangu yupo, nami nipo. Jana tumeshinda naye kibarazani tukipiga simu mojamoja, tukianzia kwa wajomba, maana isingependeza mjomba asomewe habari hii na mwanawe kwenye simu. Kama tulikuruka, tusamehe. Orodha ilikuwa ndefu na salio likaisha kabla hatujafika kwa watu wa Tabata.

Sasa michango, maana hapo ndipo heshima ya mtu ilipo. Kila shilingi mliyotoa imeandikwa kwenye daftari la mweka hazina, jina na tarehe. Kianzio cha ukumbi mwenye ukumbi amekubali kukishikilia mpaka tutakapompa siku nyingine, na mpishi alikuwa hajanunua kitu. Anayetaka mchango wake urudi amwambie mweka hazina. Asione aibu wala asijieleze, kama nasi tusivyojieleza. Anayeuacha, tunamshukuru, utatumika kwa kazi ileile. Waliokuwa bado na ahadi, pumzikeni kwanza. Kamati imeambiwa isimkumbushe mtu yeyote, hata yule kaka mnayemjua anayetuma ujumbe saa kumi na moja alfajiri.

Kadi msizitupe. Ya dabo inabaki ya dabo, ya singo inabaki ya singo (na hapana, ya singo haijageuka dabo kwa sababu tumeahirisha). Siku ikipangwa tutawatumia tarehe tu, mje na kadi hizohizo.

Mnaotoka Moshi ambao mlishakata tiketi za basi, nendeni kwa wakala mapema mkaombe kubadilishiwa siku. Mtakaokataliwa niambieni mimi, siyo kamati. Hasara hiyo ni yetu, hamkuitafuta ninyi. Na babu aliyekuwa ametenga mbuzi wa ndafu ameshapigiwa simu. Kasema mbuzi ataendelea kula majani, hana haraka ya kwenda popote.

Vyombo vya kichenpati viko salama kwa mama, sijafungua hata boksi la masufuria.

Aliyeniweza ni mtoto wetu wa kushika pete. Ana miaka mitano, na kwa mwezi mzima amekuwa akitembea koridoni na kifuniko cha hotpoti juu ya mto wa kochi, polepole, hatua na kusimama. Nilipomwambia bado kidogo, hakuuliza kwa nini. Aliuliza kama miguu yake itakuwa bado inaingia kwenye vile viatu vyeupe. Nikamwambia avivae tu, hata kesho shuleni kama mwalimu ataruhusu. Vingine tutanunua.

Hiyo picha hapo juu ni kitenge cha sare yangu ya sendofu, kilivyo leo, chaki ya fundi haijafutika begani na upande mmoja hauna mkono. Fundi wa Kariakoo anasema za kwenu ameshamaliza kumi na nane na chumba kimemjaa, hana pa kukanyagia cherehani. Tafadhali zifuateni wiki hii, mlipie kilichobaki, mkaziweke kabatini.

Kikao cha leo saa kumi hakipo. Msije, soda hatujanunua.