TUNAHAMA KARIAKOO, TUNAKWENDA SINZA MORI. NAMBA YA SIMU NI ILE ILE

Assalaam alaykum, na habari za siku wapendwa wateja wetu wa Mama Nasra Cherehani.

Nyumba ya Mtaa wa Sikukuu tuliyokuwa tukishonea inavunjwa. Mwenye nyumba anajenga ghorofa, ametupa notisi kwa heshima na tumeagana vizuri. Siku ya mwisho pale barazani ni Jumamosi, tarehe 1 Agosti 2026. Kuanzia Jumatatu tarehe 3 Agosti tutakuwa Sinza Mori, saa 2 asubuhi hadi saa 1 usiku. Jumapili tunapumzika kama kawaida.

📍 Unapofikaje? Ukitokea Kariakoo, panda mwendokasi Gerezani, gari la Kimara, ushuke Shekilango. Hapo chukua bajaji au daladala ya kuelekea Bamaga, mwambie konda akushushe Mori. Ingia kichochoro kilicho pembeni ya duka la dawa, nyumba ya tatu mkono wa kushoto, geti la bluu. Bango letu ni lile lile la njano, tunalihamisha pamoja na vyerehani. Anayetokea Mwenge aje kwa njia ya Bamaga, ni karibu zaidi. Ukipotea piga simu, kijana atakufuata kituoni.

Simu na wasap ni zile zile zilizo juu ya ukurasa huu na kwenye risiti yako. Hapa naomba unisikilize vizuri. Mtu anapohama, matapeli huona mlango umefunguka. Ukipata ujumbe kwamba "Mama Nasra amebadilisha namba, hela ya ushonaji tuma huku", usitume hata shilingi. Tunapokea kwa Lipa Namba yetu tu, na kabla hujaweka namba ya siri hakikisha jina linalotokea ni MAMA NASRA CHEREHANI. Likija jina la mtu, acha, tupigie kwanza.

Jambo jingine: angalia kama umetuhifadhi kwenye simu yako. Matangazo tunayotuma kwa wateja wote kwa mpigo kwenye wasap humfikia yule tu aliyehifadhi namba yetu. Wapo wateja wetu wa miaka mingi wanaodhani tumewasahau sikukuu zikikaribia, kumbe ujumbe haufiki kwao. Hifadhi sasa hivi, halafu tuandikie "NIPO" pamoja na jina lako, nasi tuhakikishe tunalo.

Kuhusu vipimo vyenu msiwe na wasiwasi. Daftari zote tunakwenda nazo, hata zile kuukuu zenye majalada ya nailoni. Mama zetu waliozoea kutuma kitambaa na kusema "nishonee kama lile la Idi" mtaendelea hivyo hivyo. Na fundi ni wale wale: Mzee wa suruali na kanzu, dada wa magauni, na binti wa kudarizi.

Sinza tumepata kitu ambacho Kariakoo hakikuwepo: chumba cha kujaribia nguo, chenye mlango na kioo kirefu. Pale Sikukuu mlikuwa mnajibanza nyuma ya pazia huku watu wanapita na mizigo, na mlivumilia. Bibi harusi sasa atajipima gauni lake kwa raha, ajigeuze, aone mgongo, na mama yake akae kwenye kiti.

Wateja wa Temeke, Mbagala na Kigamboni, najua kwenu Sinza ni mbali, na hili ndilo lililoniumiza kuliko yote. Kila Jumatano nitakuwa Kariakoo kununua vitambaa, zipu na uzi. Nguo yako ikiwa tayari, tupange nikukabidhi pale Gerezani mchana. Hakuna malipo ya ziada. Ila kupima mara ya mwisho kwa nguo za harusi na send-off itabidi mfike, gauni la shughuli halijaribiwi kituoni.

Wa mikoani, Tanga, Dodoma na Morogoro: endeleeni kutuma vitambaa kwa basi. Andikeni jina letu, namba ya simu na "SINZA MORI" juu ya kifurushi, msiandike tena Kariakoo.

Wenye nguo zilizokwisha na bado hazijachukuliwa, tafadhali njooni Sikukuu kabla ya Jumamosi hiyo mje na risiti. Zitakazobaki tutazihamisha zikiwa zimekunjwa na majina yake, hazitapotea, lakini sare za shule nisingependa zisafiri wakati watoto wanazihitaji.

Wateja wetu wengine hawapo huku mtandaoni. Kama ulimleta kwetu shangazi, jirani au mwenzio wa kikoba, mpigie umwambie: Mama Nasra yupo Sinza Mori, geti la bluu.